Barafu ya Kibo na ule mwaka 2020: kosa la watafiti na kosa letu

Masika yanapoisha na mawingu yakafunguka alfajiri, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huonekana kutoka Moshi mjini ikiwa nyeupe kuanzia kileleni mpaka chini kabisa ya pale tulipozoea kuona weupe. Siku hiyo hairudi peke yake, hurudi na swali lake: si walisema barafu itakwisha mwaka 2020, mbona hii hapa? Na tangu Novemba 2022, UNESCO ilipotoa ripoti inayoiweka Kilimanjaro miongoni mwa maeneo ya urithi wa dunia ambayo barafu yake itatoweka ifikapo 2050, swali limeota mkia: walitudanganya kwa 2020, sasa wanatusogezea mpaka 2050. Nimelisikia kwa waongoza watalii, nimelisikia kwa walimu wa jiografia, na majuzi nimelisikia kwa mtu mwenye shahada tatu. Upande wa pili wapo wanaojibu kwa mkato kwamba wanaouliza hivyo hawajui sayansi, basi.

Naona pande zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja. Zinalichukua swali hilo kama kitu kimoja, cha kukubaliwa chote au kukataliwa chote. Ndani yake kuna angalau mambo manne, na majibu yake hayafanani. Lipo kosa la kweli la watafiti, ambalo wanasayansi wenzao waliligusa mapema kabla sisi hatujaanza kuchekea kalenda. Lipo kosa la usomaji, lililotokea pale neno moja dogo lilipodondoka njiani. Lipo kosa la lugha yetu wenyewe. Na lipo kosa la mashabiki wa andiko lile la kitafiti la 2002 lililoutaja mwaka 2020, kosa ambalo hakuna anayelisahihisha kwa kuwa halimuumizi mtu. Anayejibu hadharani bila kuyatenganisha haya ataomba radhi kwa asichokosea, au atatetea asichoweza kutetea.

Tuanze na andiko lenyewe. Mwaka 2000 Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walichimba nguzo sita za barafu juu ya Kibo, yaani vipande virefu vinavyotolewa kwa kutoboa barafu kutoka juu kwenda chini. Oktoba 2002 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Sehemu kubwa ya andiko ilihusu historia: barafu ya kaskazini ya Kibo wao waliikadiria kuwa na umri wa miaka 11,700 hivi, na ndani ya nguzo hizo walisoma vipindi vya ukame na vya mvua vya Afrika Mashariki, ukiwamo ukame wa karne tatu uliotokea takriban miaka 4,000 iliyopita. Mwishoni mwa muhtasari ndipo ikaja sentensi iliyozunguka dunia. Ilisema, kwa maana, kwamba barafu imepungua kwa takriban asilimia 80 katika karne ya 20, na kwamba kama hali ya hewa ya sasa itaendelea, barafu iliyobaki inaelekea kutoweka kati ya 2015 na 2020.

Nina kipimo kimoja cha kuchambua ukosoaji, nacho ni rahisi. Mfungulie mkosoaji ukurasa wenyewe, asome mstari anaoulalamikia. Kama hoja yake inakufa hapo, alikuwa hajaelewa. Kama inabaki hai baada ya kusoma kila neno, basi huo ni ukosoaji, hata kama aliyeusema ni mtu wa kijiweni na ameusema kwa kejeli. Toni ya sauti haihusiki. Wala cheo hakihusiki.

Tuipime hoja ya tarehe. Mkosoaji akisoma ataona "kama" na ataona "inaelekea". Hakuna aliyeahidi. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya shutuma, kwamba wanasayansi walitangaza kwa uhakika kuwa 2020 itakuta mlima mweusi, inakufa palepale. Magazeti na vipindi vya redio ndivyo vilivyolitupa lile "kama", na si kwa nia mbaya. Kichwa cha habari chenye sharti ndani yake hakiuzi. Watetezi wengi wa andiko huishia hapa. Wanaonyesha neno "kama", wanafunga kitabu, wanaondoka washindi.

Lakini nusu ya pili haifi. Tukilikubali lile "kama", bado tunauliza: hata kwa sharti hilo, 2020 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mstari ulionyooka, na mtu yeyote mwenye karatasi ya miraba anaweza kuuchora upya. Vipimo vya eneo la barafu vilivyokuwapo vilikuwa vitano. Mwaka 1912, kwa ramani ya Wajerumani Klute na Oehler, barafu ilikuwa kilomita za mraba 12.1. Mwaka 1953 ilikuwa 6.7, mwaka 1976 ikawa 4.2, mwaka 1989 ikawa 3.3, na mwaka 2000 ikafika 2.6. Pitisha mstari mmoja katikati ya nukta hizo tano, nao utashuka kwa kilomita za mraba 0.11 kila mwaka na kugusa sifuri karibu mwaka 2019. Nukta zinakaa karibu sana na mstari, kiasi kwamba jicho linaridhika. Hapo ndipo mtego ulipo.

Chukua nukta hizohizo, lakini anzia 1953 badala ya 1912. Kutoka 6.7 hadi 2.6 kwa miaka 47, barafu ilipoteza chini kidogo ya 0.09 kwa mwaka, na kwa mwendo huo sifuri inahamia karibu 2030. Anzia 1989: kutoka 3.3 hadi 2.6 kwa miaka 11 ni kama 0.064 kwa mwaka, na sifuri inakwenda mpaka 2041 hivi. Vipimo ni vilevile, kalamu ni ileile, na tarehe imeruka zaidi ya miaka ishirini kwa sababu tu ya mahali ulipoanzia. Hilo mkosoaji anaweza kuliona akiwa amelisoma andiko lote, tena akilisoma vizuri ndipo analiona zaidi. Huu ni ukosoaji halali. Dirisha la miaka mitano, 2015 hadi 2020, lilikuwa jembamba kuliko vipimo vyenyewe vilivyoweza kubeba.

Kwa nini mwendo hauwi wa mstari mmoja? Kwa sababu juu ya Kibo hakuna barafu ya aina moja. Ipo inayoning'inia kwenye miteremko, na ipo iliyokaa juu ya uwanda wa kilele kama meza, kingo zake zikiwa kuta zilizosimama wima. Ile ya miteremko ilipotea kwa wingi mapema. Ile ya uwandani hupungua kwa kuta zake kurudi nyuma kidogokidogo kila mwaka, jua likizipiga, kwa hiyo kiasi cha eneo kinachopotea kinategemea urefu wa kuta zilizopo. Kuta zikifupika, eneo linalopotea kwa mwaka nalo linapungua. Ukizichanganya barafu hizi mbili katika hesabu moja unapata mstari mzuri kwa bahati, kama mtu anayepima mwendo wa daladala na wa pikipiki kwa pamoja kisha akautumia wastani kukisia daladala itafika saa ngapi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wasomi. Thompson na wenzake waliporudi mwaka 2009, safari hii katika jarida la PNAS, waliandika kwamba upungufu ulikuwa takriban asilimia 1 kwa mwaka kati ya 1912 na 1953, na ukafika takriban asilimia 2.5 kwa mwaka kati ya 1989 na 2007. Kwa hiyo unaongeza kasi. Mimi hapo juu nimeonyesha kwamba kwa kilomita za mraba unapunguza kasi. Hatupingani. Nusu kilo ikitoka kwenye gunia haionekani, ikitoka kwenye kilo mbili zilizobaki inaonekana sana. Nimeshuhudia watu wawili wakitukanana kuhusu jambo hili, kila mmoja akiwa na namba sahihi mkononi. Mwandishi anayejibu akikutana na ugomvi wa namna hii, asianze kutafuta nani hajaelewa. Aseme tu ni asilimia ya nini.

Andiko hilo la 2009 nalichukulia kuwa jibu zuri kuliko jibu lolote la makabiliano, kwa sababu lilileta kipimo ambacho wakosoaji na watetezi wote walikuwa hawana. Eneo ni sura ya barafu ikitazamwa kutoka juu, halisemi kitu kuhusu unene. Watafiti walionyesha kwamba kati ya 2000 na 2007 uso wa barafu ya kaskazini ulishuka kwa takriban mita 1.9, na wa barafu ya kusini kwa takriban mita 5.1. Barafu ndogo ya Furtwängler ilipoteza karibu nusu ya unene wake pale ilipochimbwa kati ya 2000 na 2009. Ina maana barafu inaweza kuonekana ina eneo lilelile kwa miaka kadhaa huku ikiliwa kwa juu, halafu ikatoboka ghafla. Mstari wa eneo peke yake ungekosea hata kama ungekuwa umechorwa na malaika. Na katika muhtasari huo tarehe ya 2015 hadi 2020 haimo tena. Imekaa sentensi yenye sharti lilelile, lakini inasema "ndani ya miongo kadhaa".

Nasifu mabadiliko hayo, ila nina kinyongo kidogo. Kubadili maneno ni kitu kimoja, na kumwambia msomaji wa kawaida "hapa tulibana mno, na hii ndiyo sababu" ni kitu kingine. Mwalimu wa sekondari kule Kibosho hasomi PNAS. Yeye alibaki na 2020, akaifundisha, na 2020 ilipofika wanafunzi wake wa zamani wakamrudia wakicheka. Sahihisho linatakiwa lisafiri njia ileile iliyopitwa na tangazo. Tangazo lilipita kwenye redio na magazeti, sahihisho likapita kwenye jarida.

Hoja ya pili ni ya chanzo, na hii ndiyo iliyoleta mabishano mazito zaidi. Mwaka 2004 Georg Kaser, mtaalamu wa barafu wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, na wenzake walichapisha katika International Journal of Climatology hoja kwamba kupungua kwa barafu ya Kilimanjaro hakuwezi kuelezwa kwa urahisi kwamba hewa imepata joto na barafu inayeyuka. Kule juu wastani wa joto kwa mwaka uko chini ya sifuri, kama nyuzi 7 chini yake. Barafu nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na kuta zile za wima huliwa na mwanga wa jua. Kilichobadilika zaidi, walisema, ni unyevu: hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikauka ghafla kuelekea mwisho wa karne ya 19, kabla ramani ya kwanza haijachorwa. Theluji mpya ikipungua, uso wa barafu unakuwa mchafu na mweusi zaidi, unanywa jua badala ya kulirudisha.

Angalia majina ya walioandika. Douglas Hardy, mwenye kituo cha kupimia hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini tangu 2000, alikuwa mmoja wa waandishi wa andiko la Thompson la 2002. Yumo pia katika lile la Kaser la 2004. Na yumo tena katika lile la Thompson la 2009. Mwingine katika andiko la 2004 ni Tharsis Hyera, wa hapahapa Tanzania, mtaalamu wa hali ya hewa. Anayedhani huu ulikuwa ugomvi wa kambi mbili zinazochukiana hajasoma hata mstari wa majina. Mtu mmoja aliweza kuwa pande zote mbili kwa sababu pande hizo zilikuwa zinauliza maswali mawili: moja, barafu inapungua kiasi gani, la pili, inapungua kwa njia ipi. Katika la kwanza hawakutofautiana kwa maana kubwa.

Sasa pima. Je, hoja ya Kaser inakufa ukimfungulia ukurasa? Haifi, ni ukosoaji wa kitaalamu wenye vipimo nyuma yake. Thompson alijibuje? Kwa ushahidi: barafu ya Furtwängler ilipochimbwa mwaka 2000 ilikuwa imelowa maji, na katika sentimita 65 za juu za nguzo moja ya barafu ya kusini walikuta viputo vya hewa vilivyorefuka, alama ya kuyeyuka na kuganda tena, ambayo hawakuiona katika sehemu nyingine ya nguzo zao. Kisha wakaandika kwamba uzito wa kila chanzo bado unachunguzwa. Hapo kila upande ulimsogeza mwenzake. Mmoja alikubali kwamba jambo la chanzo halijafungwa, mwingine akapewa ushahidi kwamba kuyeyuka nako kupo. Mabishano mengine yamebaki wazi, hasa la umri wa barafu: mwaka 2010 Kaser na wenzake walihoji, katika jarida la The Holocene, kama kweli uwanda wa Kibo umekuwa na barafu mfululizo kwa miaka elfu kumi na zaidi, au barafu hiyo imewahi kuisha na kujijenga upya. Jibu la heshima kwa hoja kama hiyo ni kusema tunatofautiana, na kueleza ni kipimo gani kitatuamulia.

Lakini hoja hiyohiyo ya Kaser ilipotoka majaridani ilivaa nguo nyingine. "Si joto, ni ukame" ikawa "basi mabadiliko ya tabianchi ni uongo". Oktoba 2007 mlima wetu ulifika hata Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kesi ya filamu ya mazingira iliyokuwa ipelekwe mashuleni. Jaji aliorodhesha sehemu tisa alizoona zimepita ushahidi, na mojawapo ilikuwa madai kuhusu theluji ya Kilimanjaro: kwamba haikuwa imethibitishwa kuwa upungufu wake unatokana hasa na shughuli za binadamu. Huo ni uamuzi mwembamba, unaohusu mlima mmoja. Ukasomwa na wengi kama hukumu juu ya dunia nzima. Mwaka huohuo Kaser na Philip Mote waliandika makala kwa wasomaji wa kawaida wakisema wazi kwamba Kilimanjaro ni mfano mbaya wa kuthibitisha ongezeko la joto, na kwamba kutofaa kwa mfano huo hakuondoi ongezeko lenyewe, maana barafu za maeneo mengine duniani zinapungua kwa joto bila utata huu. Tena ukame wenyewe si lazima uwe jambo lililojitegemea, kwa kuwa mvua zetu zinaletwa na Bahari ya Hindi, na bahari nayo ni sehemu ya tabianchi. Mkosoaji, kwa maneno mengine, alilazimika kufanya kazi ileile ya mkosolewa: kutoka hadharani kutenganisha alichosema na alichosemewa.

Hoja ya tatu naipitia upesi. "Theluji ipo, tunaiona." Kiswahili chetu cha kila siku kinatumia "theluji ya Kilimanjaro" kwa vitu viwili: ile inayodondoka usiku ikayeyuka au kukauka baada ya siku chache, na ile barafu ya kudumu iliyokaa karne na karne. Mlima mweupe mwezi Mei ni theluji. Vipimo vyote nilivyotaja ni vya barafu. Ndiyo maana wanaopima huchagua picha za satelaiti za kiangazi, theluji ya msimu ikiwa imeondoka. Hii ni kutoelewa kwa wazi, ila simlaumu asiyeelewa. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili ndio tuliotafsiri kila kitu kuwa theluji.

Hoja ya nne haitoki kwa wakosoaji. Inatoka kwa mashabiki wa andiko: barafu ikiisha, maji ya Moshi yataisha, Pangani itakauka. Nimeisikia kwenye mikutano ya kupanda miti, na hakuna mwanasayansi aliyesimama kuipinga, kwa kuwa inaisaidia ajenda njema. Hebu tuipigie hesabu ya jioni. Mwaka 2011 barafu yote ilikuwa kilomita za mraba 1.76, kwa vipimo nitakavyovitaja hapo chini. Tuipe ukarimu wa unene wa wastani wa mita 30, ingawa pale ilipo nene zaidi inazidi kidogo tu mita 50 na kwingine ni nyembamba mno. Tunapata kama mita za ujazo milioni 53 za barafu, ambazo zikiwa maji ni karibu milioni 48. Tuseme yote iyeyuke sawasawa kwa miaka 30 bila tone kugeuka mvuke. Ni mita za ujazo milioni 1.6 kwa mwaka, yaani lita 50 kwa sekunde, maji ya mfereji mmoja wa wastani. Kilomita moja ya mraba ya msitu kwenye mteremko wa kusini, penye mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka, inapokea mita za ujazo milioni 2. Kilomita moja tu. Na msitu huo una mamia ya kilomita.

Kwa hiyo maji yetu yanatoka kwenye mvua ya msituni. Anayelia na barafu huku moto ukila msitu wa juu anatazama pembe ya ng'ombe wakati kiwele kinakauka. Nimeiweka hoja hii hapa makusudi, maana mwandishi anayesahihisha wanaompinga tu na kuwaachia wanaomshangilia anajiharibia. Siku watu watakapogundua kwamba maji hayakukauka, watamhesabia yeye uongo huo pamoja na ule wa 2020, ingawa hakuusema hata mmoja.

Sizungumzi kama mtakatifu. Miaka ya nyuma niliandika andiko dogo kuhusu mtiririko wa mfereji mmoja wa asili, mfongo kama Wachagga wanavyouita, nikalisoma mbele ya wanakijiji niliopima kwao. Mzee mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, hayo maji uliyopima si ya mfereji wetu." Nikacheka kidogo, nikamweleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Kifaa sikijui. Lakini umetaja Jumanne na Ijumaa. Hizo ni zamu za wa juu, banio letu linafungwa." Nilikuwa nimepima maji ya siku zisizo za wao, kwa miezi minne. Nilikuwa nimemweka kwenye kapu la wasioelewa kwa sababu alitumia maneno yasiyo yangu, na hoja yake ndiyo pekee siku ile iliyobaki hai baada ya kufunguliwa ukurasa.

Kuna wanaosema suluhisho ni andiko la 2002 kufutwa na jarida, kwa kuwa tarehe yake imepita. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Jarida hufuta andiko pale matokeo yanapokuwa hayaaminiki tena, kwa udanganyifu au kwa kosa kubwa la kazi yenyewe. Nguzo sita za barafu zilichimbwa kweli, vipimo vya eneo vilikuwa vya kweli, na makadirio yalitolewa kwa sharti. Makadirio yaliyopitwa hujibiwa kwa makadirio bora, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2013 Nicolas Cullen wa Chuo Kikuu cha Otago na wenzake, Kaser akiwamo, walirudia ramani za zamani na picha za satelaiti. Walikuta barafu ya 1912 ilikuwa kilomita za mraba 11.40 badala ya 12.1, na ya 2011 ni 1.76, upungufu wa asilimia 85 hivi. Kisha wakafanya jambo ambalo ukosoaji ulikuwa unalidai: waligawanya barafu katika makundi matatu kulingana na mwinuko, mteremko na upande inakoelekea, wakarefusha mstari wa kila kundi peke yake. Miteremko ya magharibi, walikadiria, itabaki bila barafu kabla ya 2020. Uwanda na miteremko ya kusini, inaelekea ifikapo 2040. Baada ya 2060, ni vigumu sana kukuta barafu yoyote, kama hali ya hewa ya wakati ule itaendelea.

Ni mstari bado, ila ni mistari mitatu, na inajua inapima nini. Wapo wenye hoja nzito kwamba hata hivyo wasitaje mwaka kabisa, kwa kuwa mwaka ndio unaobaki kichwani na sharti linaanguka. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Makadirio yasiyo na mwaka hayawezi kukosolewa, na kisichoweza kukosolewa hakimsaidii mpangaji wa utalii wala wa msitu. Ninachotaka ni mwaka uende na upana wake, na sharti litajwe kabla ya namba, si baada yake.

Kama ningekuwa mmoja wa waandishi wa 2002 na mwalimu yule wa Kibosho akaniandikia kuuliza kwa nini barafu bado ipo, ningemjibu hivi. "Mwalimu, tulikosea kubana tarehe. Tulichora mstari mmoja juu ya barafu za aina tofauti, na kwa vipimo vile tulipaswa kusema kati ya 2020 na 2040 au zaidi. Tulichosema kuhusu upungufu hatujakiondoa: kati ya kilomita kumi na moja na ushee za mwaka 1912, mwaka 2011 zilibaki chini ya mbili. Kuhusu chanzo, wenzetu wametuonyesha kwamba ukame na jua vina sehemu kubwa kuliko msomaji alivyoelewa kwetu. Kuyeyuka tumekuona, uzito wake bado tunaupima. Weupe unaouona Mei ni theluji ya msimu. Utazame mlima Septemba. Na maji yenu hayatoki huku juu, kwa hiyo tafadhali wafundishe watoto kuulinda msitu kwa sababu ya msitu wenyewe." Barua nzima ingejaa nusu ukurasa, na sentensi yake ya kwanza ndiyo ingenichukua muda mrefu kuiandika.